Sabuni Ngapi kwa Mshahara wa Mwalimu?

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya jumuiya zinazouza bidhaa ili kugharimia huduma zao, na katika kuzipitia bajeti za jumuiya hizo tumeona kwamba aghalabu huandikwa, kwa herufi nene, idadi ya bidhaa ambayo ikishauzwa mapato yatawiana na matumizi, pasipo kuelezwa ni matumizi yapi yaliyotiwa hisabuni. Rai yetu ni kwamba jumuiya ya namna hii haina nukta moja isiyo faida wala hasara, bali inazo mbili: ya kwanza ni ya duka, ambapo bidhaa inajilisha yenyewe, na ya pili ni ya huduma, ambapo bidhaa inalisha na ile kazi iliyolifanya duka lifunguliwe, na bajeti itajayo ya kwanza ikainyamazia ya pili inamficha msomaji wake lile hasa alilotaka kulijua.

Tutwae mfano wa kikundi cha wanawake katika pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa Paje na Jambiani, ambako ukulima wa mwani umeenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambako mwani mkavu, ukiuzwa kwa kilo kama ulivyo, huleta fedha chache, ndipo baadhi ya wakulima wakaona heri kuusaga na kuutia katika sabuni. Kikundi chetu ni cha kubuni, na tarakimu zake tumezifanya nyepesi ili msomaji azihakiki kwa kalamu. Kipande kimoja cha sabuni huuzwa kwa shilingi 5,000; na mafuta ya nazi, kostiki, unga wa mwani, mafuta ya karafuu, karatasi ya kufungia, pamoja na ujira wa kukata na kufunga, hugharimu shilingi 3,000 kwa kipande. Zinabaki shilingi 2,000, na hizo ndizo pekee zinazoweza kulipa kitu kingine chochote. Gharama zisizopanda wala kushuka kwa wingi wa sabuni ni kodi ya chumba, 300,000 kwa mwezi, umeme na leseni, 100,000, na mshahara wa msimamizi, 400,000. Jumla kwa mwaka ni shilingi 9,600,000. Gawanya kwa 2,000, utapata vipande 4,800.

Lakini bajeti ya kikundi, tuseme, imeandika vipande 2,400. Hapana kosa la kugawanya; ni kwamba msimamizi ameandikwa katika fungu la mfadhili, chini ya jina la mratibu wa mradi, nalo duka likaonekana jepesi kuliko lilivyo. Ruzuku ile ikikoma, mshahara ule hauna budi kurudi dukani, na nukta itaruka maradufu kwa siku moja, ilhali hapana mteja hata mmoja aliyeondoka. Mkaguzi aliye makini hulitambua jambo hili upesi: huuliza ni nani anayepokea simu za wateja, ni nani anayepima kostiki, na wakati wao unalipwa kutoka fungu lipi; jibu lisipopatikana katika hisabu za duka, basi duka linaishi kwa sadaka ya mradi liliokusudiwa kuusaidia. Hatusemi ruzuku hiyo ni haramu. Twasema iandikwe mahali pake, na tarehe yake ya kukoma iandikwe ubavuni mwake.

Sasa tuingie katika nukta ya pili. Kikundi kina chekechea yenye walimu wawili, kila mmoja akilipwa 350,000 kwa mwezi, na uji na vifaa vya watoto hugharimu 300,000. Kwa mwaka ni shilingi 12,000,000. Wako watunza hisabu wanaoshikilia kwamba fedha hizi si gharama za sabuni, kwa kuwa sabuni huweza kupikwa hata chekechea ikifungwa, na kwa kanuni za biashara tupu wana haki. Hata hivyo mwalimu ana mkataba, na mtoto aliyeandikishwa Januari hawezi kuambiwa mwezi wa tano kwamba mauzo yamelegea; ahadi iliyokwisha kutolewa ina uzito uleule wa kodi ya chumba, na yafaa ihesabiwe hivyo, baada ya kupunguza misaada ile tu ambayo mkataba wake umekwisha tiwa saini. Kwa kuwa kikundi chetu hakina msaada wa namna hiyo kwa chekechea, tujumlishe 9,600,000 na 12,000,000, tugawanye kwa 2,000, tutapata vipande 10,800.

Je, vipande hivyo vyaweza kutengenezwa? Swali hili ndilo ambalo bajeti nyingi hulipita kimya. Sabuni iliyochanganywa bila kupikwa motoni, ikishatoka katika kalibu na kukatwa, hulazwa juu ya chanja kwa wiki nne hadi sita ili ikauke na kukomaa, na tukishika wiki sita, chanja zenye nafasi ya vipande 900 haziwezi kutoa zaidi ya vipande 7,800 kwa mwaka, hata watengenezaji wakeshe. Basi nukta ya pili imekaa nje ya uwezo wa chumba. Kikundi kikikodi chumba cha pili, pamoja na chanja zake, kwa shilingi 2,400,000 kwa mwaka, chumba hicho nacho kina gharama ya kulipwa, na idadi inayotakiwa si 10,800 tena bali 12,000.

Hapo ndipo huja kishawishi cha hoteli. Mwenye duka la hoteli yuko tayari kuchukua sabuni nyingi kwa shilingi 4,000, na punguzo la elfu moja, ambalo ni moja ya tano ya bei, laonekana dogo mbele ya oda kubwa. Lakini gharama ya kipande haikupungua. Ni zile 2,000 zilizogeuka 1,000, yaani nusu ya nguvu yote ya kulipa imekwenda. Iwapo nusu ya sabuni itauzwa hotelini na nusu kwa mpita njia, kila kipande kitaacha wastani wa 1,500, na vipande vitakavyotakiwa vitapanda hadi 16,000, idadi ambayo vyumba viwili, vyenye uwezo wa vipande 15,600, haviwezi kuifikia. Kwa hiyo oda ya hoteli, iliyosherehekewa kama ukombozi, yaweza kuwa ndiyo iliyoisukuma chekechea mbali na sabuni. Ina nafasi yake mahali pamoja, nako ni pale chanja zina nafasi ambayo isingejazwa na mnunuzi mwingine yeyote, maana hapo elfu moja ni bora kuliko chanja tupu.

Tena kuna wakati, ambao hisabu hii haiuoni kabisa, kwa kuwa huutazama mwaka mzima kama siku moja. Wageni hujaa tangu Juni hadi Oktoba, na masika, tangu Machi hadi Mei, fukwe huwa tupu. Nayo sabuni ya kuuzwa mwanzoni mwa Julai sharti iwe chanjani kabla ya Mei kwisha, katika mwezi usio na mauzo. Kikundi kinachouza vipande 1,000 kwa mwezi kina takriban vipande 1,500 vinavyokauka wakati wowote, navyo ni shilingi 4,500,000 za mafuta, kostiki na ujira zilizolala juu ya mbao. Fedha hizo si gharama mpya, wala haziisogezi nukta hata kwa kipande kimoja, lakini sharti ziwepo mkononi kabla mvua hazijaanza, na walimu wawili waendelee kulipwa kila mwisho wa mwezi zikiwa zingali zimelala.