Usikifiche kibanda cha wakala

Kuna ushauri unaopita mabwenini kila ifikapo msimu wa kuomba nafasi za fildi: kwenye wasifu wako jaza vyeo, ficha vibarua. Andika kwamba ulikuwa mwenyekiti, katibu au balozi wa hiki na kile. Kama jioni unauza chipsi, unafundisha tuisheni au unakaa kwenye kibanda cha wakala wa fedha kwa simu, nyamaza, maana ofisi itakuona mtu wa hali ya chini. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, lakini ni mbaya, na wanaoumia zaidi ni wale ambao bumu likichelewa hawana nyumbani pa kupiga simu kuomba hela ya kula.

Nimepokea wanafunzi wa fildi katika ofisi za uhasibu na nimesoma maombi yao. Aya ya utambulisho huwa karibu ile ile: “Mimi ni kijana mchapakazi, mbunifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo na usimamizi mdogo. Nimekuwa kiongozi katika klabu mbalimbali na nina uwezo mkubwa wa mawasiliano.” Hakuna uongo ndani yake, na hakuna habari pia. Ukiibandika kwa mwombaji wa uhasibu, wa sheria au wa kilimo, haibadiliki hata neno. Anayeisoma ana rundo mezani na swali moja kichwani: huyu nikimkabidhi jambo dogo Jumatatu, litakuwa limefanyika Ijumaa? Aya ile haimjibu.

Tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu anayeomba wiki nane kwenye kitengo cha ukaguzi wa ndani. Klabuni kwao ni mweka hazina. Jioni na Jumamosi anamsaidia mama mmoja kwenye kibanda cha wakala. Kwa ushauri wa bwenini, wasifu wake utasema “Mweka Hazina wa Klabu ya Uhasibu”, na kibanda hakitatajwa kabisa.

Tuanze na hicho cheo. Msomaji anajua, kwa sababu naye alipita chuoni, kwamba klabu nyingi zina vyeo vingi kuliko kazi. Kuna waweka hazina ambao hawakuwahi kushika hata shilingi. Cheo peke yake hakimwambii kama huyu ni mmoja wao. Kinachomwambia ni kilichobadilika alipokuwepo. Tuseme alikuta michango inakusanywa mkononi, majina yanaandikwa kwenye karatasi yoyote iliyo karibu, na kila muhula wanachama wanagombana nani kalipa na nani hajalipa. Akanunua kitabu cha stakabadhi, akaanza kumkatia kila anayelipa, na mwisho wa mwezi akawa anabandika ubaoni taarifa ya mapato na matumizi. Huo ndio uongozi, na unaandikika kwa sentensi moja. Angeufanya akiwa mwanachama wa kawaida, bado ungestahili kuandikwa.

Sasa kibanda, ambako mimi ningetazama kwanza. Asubuhi mwenye kibanda ana mtaji wa shilingi 1,000,000: floti 600,000 kwenye simu na taslimu 400,000 kwenye droo. Anakuja mteja kuweka 150,000. Floti inashuka hadi 450,000, droo inapanda hadi 550,000. Mwingine anatoa 50,000, floti inarudi 500,000 na droo inabaki na 500,000. Kamisheni ikiwekwa kando, jumla haitakiwi kuyumba hata mara moja, iwe saa nne asubuhi au saa mbili usiku. Usiku mwanafunzi wetu anafunga: simu inasoma 500,000 lakini droo ina 480,000. Elfu ishirini haipo.

Anafanyaje? Anachukua meseji za miamala moja baada ya nyingine na kuzilinganisha na daftari. Daftari likiwa na kiasi kisicholingana na meseji, kuna tarakimu iliyoandikwa vibaya, na huenda noti zilihesabiwa kwa kiasi hicho kisicho sahihi. Meseji na daftari vikikubaliana huku droo ikiwa pungufu, basi ama aliyetoa alihesabiwa noti zaidi, ama aliyeweka alirushiwa floti kabla fedha yake haijahesabiwa, ama kuna mkono uliofungua droo. Kila jibu lina hatua yake, na zote zinaanza kwa kumwambia mwenye kibanda usiku huo huo, si kesho.

Ofisi ya ukaguzi wa ndani huwafundisha wageni kazi hiyo hiyo kwa jina zito zaidi, usuluhishi wa hesabu. Mwanafunzi wetu ameifanya kila zamu, kwa fedha ya mtu mwingine, akijua kwamba upungufu unaweza kukatwa kwenye posho yake. Halafu tunamwambia aifiche, aweke cheo?

Ndiyo maana nasema ushauri huu unaumiza. Mikutano mingi ya klabu hufanyika jioni, na jioni ndiyo zamu ya wanaojisomesha. Ukiufanya uongozi kuwa vyeo tu, umewapa alama wenye jioni huru na kuwanyima waliokuwa kazini. Kisha unawataka hao wa pili waone aibu juu ya kitu pekee walichowazidi nacho wenzao.

Wasifu wake ungesomeka hivi: “Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu. Tangu mwaka wa kwanza ninafanya kazi jioni na Jumamosi kama msaidizi kwenye kibanda cha huduma za fedha kwa simu, ambako kila usiku nalinganisha floti, taslimu na daftari, na kutoa taarifa ya tofauti kabla ya kufunga. Nikiwa mweka hazina wa klabu ya uhasibu nilianzisha stakabadhi kwa kila mchango na taarifa ya fedha ya kila mwezi kwa wanachama. Naomba mafunzo ya wiki nane katika kitengo cha ukaguzi wa ndani, nikitaka hasa kujifunza jinsi stoo na malipo ya wazabuni yanavyokaguliwa.” Ni sentensi nne, na kila moja inaweza kuulizwa swali kwenye usaili na ikajibiwa bila kubabaika.

Zingatia neno msaidizi. Wapo wanaokubali kutaja kibanda, kisha wanakipandisha hadhi hadi kikaitwa ofisi na wao wakawa maofisa wa huduma za kifedha. Hilo ni kosa lile lile la vyeo limerudi kwa mlango mwingine. Laini imesajiliwa kwa jina la mwenye kibanda, mtaji ni wake, na msaili akiuliza maswali mawili tu atalijua. Vilevile usitaje wateja wala kiasi walichotoa, hata kama kisa ni kizuri. Mwombaji wa ukaguzi anayesimulia fedha za watu amejikosesha nafasi mwenyewe.

Nakiri kuna ofisi zinazochuja kwa wastani wa alama kwanza, na huko wasifu hausomwi mpaka umevuka kizingiti hicho. Kuna pia maombi ambayo kibanda hakina uzito mkubwa: anayeomba maabara ya udongo aanze na mazoezi yake ya maabara, kibanda akipe mstari mmoja mwishoni. Lakini hata huko kuna nafasi ya wadhamini, na wanafunzi hujaza wahadhiri watatu wanaowafahamu kwa namba ya usajili tu. Mmoja kati yao awe mama wa kibanda. Muombe ruhusa kwanza, mweleze ni ofisi gani itakayompigia, na uandike namba anayopokea mchana.