Siku 16 za Doto
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijifungua pacha. Doto akaongezewa 16. Baba akapewa tatu, awe na Kulwa peke yake au wote wawili. Sasa hesabu usiku. Mtoto mchanga hunyonya walau mara nane ndani ya saa 24. Pacha wakipishana ni mara 16, na mama halali. Nafuu ni kumwamsha Doto pindi Kulwa anapoamka. Watasema mtoto aliyelala haamshwi; hiyo ni kanuni ya mwenye mmoja. Watasema baba hana ziwa. Kweli, lakini kucheulisha na kubadilisha nepi kunataka mikono tu. Anayehamia chumba cha pili ili awahi kazini amejipa likizo ambayo sheria haikumpa.