Tangazo la kazi likija na mistari iliyokatika, usitoe pesa kwanza

Hebu fungua WhatsApp yako sasa hivi utafute tangazo la mwisho la kazi ulilotumiwa. Je, mistari yake inafika mwisho wa skrini, kisha unaofuata unaishia katikati, halafu mwingine unajaa tena? Kama uko kwenye kikundi chochote cha vijana wa Meru au Embu, umeshaona ujumbe wa aina hiyo mara nyingi. Wengi wetu tunausoma umbo hilo vibaya, na kuna watu limewagharimu pesa.

Binamu yangu wa Runyenjes ni mmoja wao. Tangazo la nafasi za makarani katika kaunti moja ya huku kwetu liliingia kwenye kikundi chao likiwa limekatikakatika hivyo. Msichana mmoja akauliza kama ni la kweli. Mzee anayeheshimiwa sana hapo akajibu, "Wanangu, hii imetoka ofisini. Si mnaona vile imeandikwa na kompyuta?" Mjadala ukaisha hapo. Binamu akatuma shilingi 1,000 za "usajili" kwa M-Pesa, na hadi leo hajasikia lolote.

Mzee hakuwa mjinga. Sehemu ya kwanza ya alichosema ilikuwa na msingi, na ni vizuri uelewe kwa nini.

Ukiandika kwa simu, hubonyezi Enta kila mstari ukijaa. Simu yenyewe ndiyo inayoshusha maneno, na ujumbe ukifika kwa simu ya mwenzako unajipanga upya kulingana na skrini yake. PDF ni tofauti. Imetengenezwa ili karatasi ionekane vile vile popote itakapofunguliwa, kwa hivyo mara nyingi ndani yake hamna aya kama tunavyoijua. Kuna vipande vya maneno vilivyowekwa mahali maalumu kwenye ukurasa. Ukinakili, programu inaona mstari umeisha, nayo inaweka Enta hapo. Ukibandika kwenye WhatsApp, Enta hizo zote zinakuja nazo.

Sasa piga hesabu. Mstari wa ukurasa ulioandikwa vizuri mara nyingi huwa na herufi kama 60 au zaidi. Skrini ya simu ya kawaida hubeba kama 40. Mstari wa herufi 58 utajaza skrini mara moja, kisha herufi 18 zilizobaki zitakaa peke yao chini yake, halafu Enta. Hapo ndipo unapata ule mpangilio wa mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Kwa hivyo ukiuona, unaweza kukisia kwamba kuna waraka mahali fulani, na kwamba huenda mtu aliunakili akiwa kwenye kompyuta, kwa sababu kuchagua ukurasa mzima wa PDF kwa kidole ni kazi ya kuudhi.

Lakini hayo ni makisio. Simu pia inaweza kunakili PDF na kuleta mistari ile ile. Barua pepe za zamani zenye maandishi matupu nazo hukatwa karibu na herufi ya 70 au 80. Na ujumbe usiokatika hauthibitishi kwamba mtu ameuandika mwenyewe, kwa kuwa ukinakili kutoka ukurasa wa wavuti, aya nyingi huja nzima.

Kosa la mzee lilikuwa kutoka kwa "hii imetoka kwenye kompyuta" hadi "hii imetoka ofisini". Kompyuta iko katika kila saiba, kuanzia Makutano pale Meru hadi mjini Embu. Tapeli naye anaweza kupakua tangazo halali la mwaka jana, alinakili, abadilishe mambo mawili, kisha alitume. Mistari iliyokatika itabaki, na ndiyo itakayomfanya aaminike.

Hata hivyo, mistari hiyo hiyo inaweza kumuumbua. Mtaa mmoja mjini Embu kuna jamaa wa saiba aliyemwonyesha binamu yangu ujumbe ule kwenye skrini pana. Sitauweka hapa, lakini huu mfano niliotunga una umbo lile lile:

```
Waombaji wanatakiwa kuwasilisha barua ya maombi, nakala ya
kitambulisho na vyeti vyote vya masomo kabla ya saa kumi na
moja jioni. Ada ya usajili ni shilingi 1,000, na ilipwe kwa nambari iliyo hapa chini.
Ni watakaoorodheshwa tu ndio watakaoarifiwa kuhusu tarehe
ya usaili.
```

Mstari wa kwanza una herufi 58 ukihesabu na nafasi, wa pili 59, wa nne 57. Wa tatu una 85. Ukurasa haukuwa na nafasi ya mstari huo. Katika waraka wa asili, aya iliishia kwenye "moja jioni." Sentensi ya ada imechomekwa baadaye na mtu ambaye hakujisumbua kubonyeza Enta mahali panapofaa.

Kwenye simu ni vigumu kuliona hili, kwa sababu skrini inakunja kila kitu. Geuza simu ilale, au bandika ujumbe kwenye Word na upunguze ukubwa wa herufi hadi mistari ipumue. Ukibonyeza Ctrl+Shift+8, alama ya ¶ itatokea kila mahali penye Enta. Pitisha macho ukingo wa kulia. Mstari unaochomoza kuliko wenzake, hasa ukiwa na pesa, tarehe au nambari ya simu, uulizie.

Nimesema uulizie, sijasema uhukumu. Huenda aliyetuma ni mtu mwema aliyeongeza nambari ya ofisi ili kuwasaidia wenzake. Na tapeli mwangalifu ataipanga mistari yake vizuri, au atengeneze PDF nzima ya uongo. Kwa hivyo mistari iliyonyooka haimsafishi mtu.

Mimi naona matumizi bora ya dokezo hili ni moja tu: linakupa haki ya kudai waraka. Kama maandishi yamekatika kama ya PDF, basi huenda PDF ilikuwepo. Mwambie aliyetuma, "Nitumie faili yenyewe, au unieleze uliitoa wapi." Halafu usitosheke na faili ya kutumiwa. Nenda mwenyewe kwenye tovuti ya kaunti husika uipakue, uifungue, ubonyeze Ctrl+F na uandike neno fee, maana matangazo haya huwa kwa Kiingereza. Linganisha na tarehe ya mwisho pia. Tume ya Huduma za Umma yenyewe husema wazi kwamba haitozi ada kwa kuomba kazi, kwa hivyo ukikuta ada ya "usajili" kwenye tangazo la serikali, simama hapo hapo.

Jamaa wa saiba aliifanya kazi hiyo mbele ya binamu yangu kwa dakika chache. Waraka wa asili ulipatikana, ulikuwa wa awamu iliyokwisha kufungwa, na haukutaja pesa popote. Shilingi 1,000 zilikuwa zimeshaenda.

Na wewe msimamizi wa kikundi, bana, weka sheria hii leo: tangazo la kazi liingie na kiungo cha ofisi iliyolitoa, la sivyo lifutwe. Mzee akikwambia limeandikwa na kompyuta, mjibu kwa heshima, "Ni kweli, mzee. Sasa tuutafute waraka wenyewe."