Siki Haijawahi Kuipaka Keki Rangi

Dada yangu anaoka keki nyumbani na kuziuza. Mwaka jana alipata oda ya sendofu: redi velveti, na mteja akasisitiza isitiwe rangi ya chupa, itumike bitiruti. Dada akatafuta resipe kwenye simu, akaifuata neno kwa neno. Mchanganyiko ulikuwa wa waridi, mzuri kweli, akanitumia picha. Saa moja baadaye ikaja picha nyingine: keki ya kahawia, ndani imekaa kama chai ya maziwa. Mteja alikataa kulipa. Dada alijilaumu wiki nzima. Mimi namlaumu aliyeandika ile resipe.

Mhakiki anayesifu riwaya ambayo hajaifungua tunamjua, na tunamcheka. Anayeandika resipe bila kuwasha oveni tunamsambaza kwenye magrupu.

Kuna sentensi moja wanayonakiliana: eti kakao ikikutana na siki na maziwa mgando, keki inakuwa nyekundu yenyewe. Punje ya ukweli ipo. Kakao ya asili ina rangi za jamii ya anthosayanini, ndugu wa zile zinazoipa zabibu nyeusi rangi yake, na kwenye uchachu huelekea wekundu. Lakini nyingi hupotea mbegu zikichachushwa na kukaangwa, na keki nzima ina vijiko viwili tu vya kakao. Utapata kahawia yenye wekundu wa mbali, kama tofali. Ukitumia kakao iliyotiwa alkali, ile nyeusi zaidi ambayo mbinu yake tunaihusisha na Mholanzi van Houten wa karne ya 19, hata hilo tofali hulioni.

Na jina lenyewe? Velveti ni mahameli, na mahameli hapo ni ulaini. Wamarekani walioka keki za mahameli tangu karne ya 19 bila kuhangaika na wekundu. Wekundu mkali tunaoujua ulipata nguvu baadaye kutoka kwa wauza rangi, hasa kampuni ya Adams ya Teksasi, iliyosambaza resipe ili chupa zake zinunuliwe. Kumbe chupa haikuvamia keki hii. Ndiyo iliyoifanya iwe nyekundu.

Sasa turudi jikoni kwa dada. Resipe yake ilisema kikombe kimoja cha maziwa mgando, kijiko kimoja cha chai cha siki, na kijiko kimoja cha chai cha magadi soda. Kikombe kimoja cha maziwa mgando kinatosha kutuliza karibu nusu kijiko cha magadi hayo. Kijiko cha chai cha siki ya kawaida, yenye asidi asilimia 5, kinatuliza kama theluthi moja ya gramu, yaani chembe tu. Kwa hiyo karibu nusu kijiko cha magadi kilibaki bila mpinzani. Rangi ya bitiruti, inayoitwa betanini, inapenda uchachu na inachukia magadi. Halafu moto nao unaivunja. Vyote viwili vikikutana ndani ya oveni, waridi linageuka manjano na kahawia. Dalili nyingine ya magadi yaliyozidi ni ladha kama ya sabuni kwenye ncha ya ulimi, na dada anakiri aliionja.

Tulirudia pamoja. Magadi yakashuka hadi nusu kijiko cha chai, siki ikapanda hadi kijiko kimoja cha chakula, kakao ikabaki kijiko kimoja cha chakula, ya asili. Pengo la kuumuka tukaliziba kwa hamira ya keki kijiko kimoja cha chai. Bitiruti hatukuichemsha, maana rangi inakimbilia kwenye maji na unaimwaga kwenye sinki. Tuliisaga mbichi pamoja na siki na maziwa mgando, tukapunguza maziwa kidogo ili mchanganyiko usilegee. Oveni nyuzi 160, na keki mbili nyembamba badala ya moja nene, ili zisikae motoni muda mrefu.

Zilitoka na ganda la kahawia. Ndani zilikuwa na rangi ya damu ya mzee iliyochanganyika na zambarau, laini, zenye harufu ya udongo kwa mbali ambayo vanila haikuifuta yote. Nyekundu ya picha za mtandaoni? Hapana, na kwa bitiruti pekee sijaipata.

Siku hizi dada akiulizwa redi velveti ya asili, anamtumia mteja picha ya kipande kilichokatwa kabla ya kupokea senti. Wengine wanaagiza. Wengine wanasema, basi dada, weka ile ya chupa.