Joka Chini ya Mwembe

Jirani yetu wa Ng'ambo alimpiga picha bintiye wa miaka 6 bustanini, chini ya mwembe, jua la saa kumi likimulika kutoka kushoto. Waliporejea nyumbani binti akachora joka lenye mabawa, moja refu, moja fupi. "Baba, mbona halimo kwenye picha?"

Baba akaupiga picha mchoro, akaiondoa karatasi nyeupe kwa programu ya simu, akaliweka joka kando ya mtoto. Baada ya Isha alituonesha. Joka lilielea kama kibandiko, kwa kuwa mwembe ulikuwa na kivuli upande wa kulia nalo halikuwa nacho. Akalinakili, nakala akaitia weusi, akailaza kuliani kuanzia miguuni, akaififisha hadi nyasi zikaonekana. Joka likakanyaga ardhi. Kisha, kwa kudhani anatengeneza, akayasawazisha mabawa.

Asubuhi mtoto alitazama, akanyamaza. "Hili si langu, baba. Langu liliumia bawa, ndiyo maana halikuruka, likakaa nami."

Baba akalirudisha bawa fupi, pamoja na kivuli chake. Nasi tulijifunza kutosahihisha tusichoombwa.