Simbu na Petros muda sawa: mbona bingwa ni mmoja?

Mashindano ya dunia ya riadha ya Tokyo yaliendelea siku 9, kuanzia Septemba 13 hadi 21, 2025. Katika mashindano marefu namna hii, habari hutufikia kwa vipande, kila kimoja na saa yake. Msikilizaji wa Bububu huamka, hufungua simu na kusoma alipofika mwanariadha wetu. Mbio za marathoni za Septemba 15 zinaonesha kwa nini kipande cha mwisho wakati mwingine huchelewa.

Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani waliingia uwanjani wakifukuzana. Kwenye mita za mwisho Petros alikuwa mbele, na aliyeandika haraka angeweza kumtangaza bingwa. Simbu akamfikia, wote wakajitupa mstarini. Saa ikasoma saa 2, dakika 9 na sekunde 48 kwa wote wawili. Simbu mwenyewe hakuwa na uhakika kama ameshinda mpaka alipoona jina lake juu kwenye skrini ya uwanja.

Muda ulilingana kwa sababu katika mbio za barabarani sehemu za sekunde hazitangazwi; muda hupandishwa hadi sekunde nzima inayofuata. Nafasi, hata hivyo, haiamuliwi kwa muda huo. Huamuliwa kwa picha ya kamera inayotazama mstari wa mwisho tu. Waamuzi huangalia kiwiliwili cha nani kilifika kwanza. Kichwa, mkono na mguu havihesabiki, na ndiyo maana mkimbiaji huinamisha kifua.

Picha ilionesha Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03. Kwa mwendo wao wa wastani wa mbio nzima, kama mita 5.4 kwa sekunde, hiyo ingekuwa takriban sentimita 16, pungufu ya shubiri. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo ya dunia.

Kwa hiyo dakika zile zingeandikwa kwa usalama hivi:

Dakika ya 129: Petros yuko mbele, Simbu anamkaribia.

Dakika ya 130: Wamefika pamoja. Tunasubiri picha.

Baada ya picha: Rasmi, Simbu ni bingwa, Petros wa pili.

Angalia tofauti ya maneno. "Yuko mbele" ni kile macho yanachoona. "Rasmi" ni uamuzi wa waamuzi. Hata baada ya hapo pingamizi huweza kubadili matokeo, kwa mfano mkimbiaji akikutwa amemzuia mwenzake.

Basi ukisoma habari ya mbio zinazoendelea, tazama saa iliyoandikwa, kisha tafuta neno "rasmi". Likikosekana, subiri kidogo kabla ya kuwapigia simu jamaa.