Fomu Tupu Ni Kura ya Mwenyekiti

Darasani kwetu kuna wenzangu wanaoamini kwamba mwanahisa mdogo haendi mkutanoni ila kula chakula cha mchana na kuchukua fulana. Mwenye hisa 500, wanasema, atamfanya nini mwenye milioni sitini? Napinga wazo hilo, na zaidi ya hilo napinga tabia iliyolizaa, yaani kutia sahihi fomu ya uwakilishi bila kuisoma.

Shangazi yangu anauza vitenge katika soko la Owino, hapa Kampala. Mwaka 2021 MTN Uganda ilipouza hisa zake kwa umma, kila moja kwa shilingi 200 na kiwango cha chini hisa 500, alinunua kama wengi walivyonunua, kwa simu. Baadaye alinunua pia za kampuni nyingine nisiyoitaja. Siku moja kampuni hiyo ilimletea taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka pamoja na fomu. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimeshatia sahihi, wewe irudishe tu." Nikatazama. Mahali pa jina la mwakilishi palikuwa patupu, na visanduku vya ndiyo na hapana vilikuwa vitupu pia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mchanga, iliandikwa kwamba asipotajwa mtu, mwenyekiti wa mkutano ndiye mwakilishi, na asipoelekezwa, atapiga kura apendavyo.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wenzangu wanapokosea. Chukua kampuni ya kubuni yenye hisa milioni 100. Mwenye mali mkubwa ana milioni 60, sisi wadogo tuna milioni 40. Katika azimio la kawaida, kama kumchagua mkurugenzi, nusu na zaidi kidogo inatosha, kwa hiyo yeye anashinda hata tukija wote. Hilo silibishi. Lakini kubadili katiba ya kampuni kunahitaji azimio maalumu, yaani robo tatu ya kura. Na angalieni neno hili: ya kura zilizopigwa, si ya hisa zote.

Tuseme wadogo wenye milioni 22 wanakataa mabadiliko hayo, na waliobaki hawapigi kura. Kura ni 60 dhidi ya 22. Mkubwa ana asilimia 73 na kidogo. Azimio limeanguka! Wadogo wamemzuia, tena bila ya wenzao milioni 18.

Lakini katika hao milioni 18, tuseme wenye milioni 8 ni watu kama shangazi: wametia sahihi, wamerudisha fomu tupu. Mwenyekiti, ambaye bodi yake ndiyo iliyoandika azimio, anazipiga zote ndiyo. Sasa ni 68 dhidi ya 22, asilimia 75 na nusu, na azimio limepita. Wangelala tu nyumbani, wenzao wangeshinda. Kwa hiyo anayesema fomu tupu haina madhara hajui hesabu. Ina madhara kuliko kutokwenda.

Wakubwa watanijibu kwamba fomu inaruhusu kuandika jina la mtu yeyote, hata asiye mwanahisa, na kwamba visanduku vipo. Kweli vipo. Lakini kwa nini kimya cha mtu kihesabiwe kuwa ridhaa? Mtu asiyeweka alama ahesabiwe kuwa hakupiga kura katika azimio hilo. Na kabla ya kura, katibu wa kampuni asome waziwazi mwenyekiti ameshika kura ngapi, na ngapi kati ya hizo ziliachwa mikononi mwake. Takwimu hizo katibu anazo tayari, kwa sababu fomu hufika kabla ya mkutano, kwa kawaida saa 48.

Nakubali kwamba mahali mkubwa anaposhika zaidi ya robo tatu ya hisa zote, hesabu yangu haifui dafu. Huko linabaki swali la kuulizwa mbele ya watu, nalo si dogo, ila si kura.

Nilimrudishia shangazi fomu yake. Aliuliza maana ya kila azimio, na moja sikuweza kumweleza, basi tukalisoma mara ya pili katika taarifa. Lilikuwa la kuiruhusu bodi ibadilishe ibara tatu za katiba, na ibara zenyewe hazikuandikwa popote. Akacheka. "Nani hununua kitenge ndani ya mfuko uliofungwa?" Akaweka alama kwenye hapana, akaandika jina langu mahali pa mwakilishi, akanipa nauli ya bodaboda niipeleke fomu kabla saa hazijapita.